Afisa mikopo anataka niache kuwa mdhamini wa rafiki yangu, niwe mkopaji mwenza. Tofauti ni nini hasa?

Kisiki (mleta mada)

Wakuu, nawasalimu. Nina fomu ya kusaini Ijumaa na roho haijatulia.

Rafiki yangu tuliyesoma naye anachukua mkopo wa milioni 6 kupanua karakana yake ya useremala. Ni wa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua, rejesho linakuja kama 299,500 kwa mwezi. Aliniomba nimdhamini, nikakubali palepale. Jana tukaenda ofisini pamoja. Afisa mikopo akapekua stetimenti zake, akasema kipato chake peke yake hakibebi rejesho la namna hiyo. Kisha akanigeukia: "Wewe usiwe mdhamini, ingia kama mkopaji mwenza, tujumlishe vipato vyenu." Akachomoa fomu nyingine na kuweka alama ya penseli mahali pa sahihi yangu. Nilipomuuliza kinachobadilika akajibu kuwa ni utaratibu wao wa ndani tu, wajibu ni uleule.

Mshahara wangu ni 1,500,000 na nina mkopo wangu ninaoulipia 250,000 kila mwezi. Yeye anaingiza kama 700,000. Nimeomba fomu zote mbili nizisome nyumbani, ninazo hapa mezani. Mwenye kuelewa anieleweshe.

Tulizo

Mkuu usisaini hiyo ya pili. Mkopaji mwenza deni ni lake tangu siku ya kwanza. Mdhamini yuko salama zaidi, kwa sababu ni lazima waanze na mkopaji, wamshitaki, wauze mali zake, na wakikosa kabisa ndipo wakugeukie. Hapo hakuna mjadala.

Mzee wa Jahazi

Vijana mnatishana. Mimi niliwahi kumdhamini mtoto wa dada yangu. Nilisaini bondi, kazi yangu ikawa kuhakikisha anafika kila tarehe aliyopangiwa. Shauri lilipokwisha nami nikawa huru, hakuna aliyenidai hata senti. Kama rafiki yako si mtu wa kutoroka, msaidie.

Daftari la Kijani

Shikamoo mzee. Hiyo uliyosaini ni dhamana ya mahakamani, ambayo unaahidi mtu atafika. Ya mkopo unaahidi fedha zitafika. Rafiki anaweza kuwepo, simu anapokea, karakana inafunguliwa kila asubuhi, na bado mdhamini akadaiwa. Neno ni moja ila mizigo ni miwili tofauti.

Kisiki, nilikaa miaka 11 kitengo cha ufuatiliaji wa madeni. Mimi ndiye niliyekuwa nawapigia simu wadhamini, kwa hiyo nitakueleza kwa jinsi inavyotokea mezani.

Tulizo yuko sahihi kuhusu mkopaji mwenza. Ukisaini hivyo, mkopo ni wako kama ulivyo wake. Mkopeshaji hagawi nusu kwa nusu. Rejesho lisipoingia tarehe 5, tarehe 6 anaweza kukupigia wewe na kukudai 299,500 yote, na hahitaji kueleza kwa nini hakuanza na mwenzako. Kwenye taarifa zako za mikopo, milioni 6 zinaandikwa siku fedha zinapotoka, hata kama kila rejesho linalipwa kwa wakati.

Kuhusu mdhamini ndipo Tulizo ameeleza nusu. Kuna nchi ambazo sheria inampa mdhamini haki ya kusema "mfuateni kwanza mkopaji na mali zake", na kuna nyingine ambazo mdhamini anadaiwa mara tu mkopaji anaposhindwa kulipa, bila hatua yoyote katikati. Lakini hata pale ambapo haki hiyo ipo, fomu nyingi zinamfanya mdhamini aikane kwa sahihi yake mwenyewe. Fungua fomu yako ya mdhamini, tafuta maneno kama "kama mdaiwa mkuu", au "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", au "atalipa mara atakapodaiwa". Ukiyakuta, ule mlolongo wa mahakama na mnada anaousema Tulizo hauko kwenye mkataba wako. Tuandikie umekuta nini.

Kisiki

Asante sana ndugu. Nimepata, ukurasa wa 4, herufi ndogo kuliko za kurasa nyingine. Nanakili ilivyo:

"Mdhamini anakubali kuwajibika kama mdaiwa mkuu, na mkopeshaji hatalazimika kumdai kwanza mkopaji wala kuuza mali yoyote iliyowekwa rehani kabla ya kumdai mdhamini."

Na chini yake: "Dhamana hii itahusu fedha zote ambazo mkopaji anadaiwa sasa au atakazodaiwa baadaye."

Kumbe afisa hakunidanganya? Wajibu ni uleule?

Daftari la Kijani

Alisema kweli kwenye kipande kimoja, akaacha kingine. Mambo yakiharibika, kwa fomu hiyo, mnafanana sana. Yakienda vizuri hamfanani hata kidogo, na ni huko kwenye kwenda vizuri ambako wengi huumia bila kujua.

Tuchukue hesabu yako. Wakopeshaji wengi wana kiwango cha juu cha marejesho ukilinganisha na kipato. Tuseme wako anatumia theluthi moja. Rafiki yako kwa 700,000 anaruhusiwa kama 233,000 kwa mwezi. Rejesho ni 299,500, ndiyo maana alikwama. Mkijumlishwa mnakuwa na 2,200,000, theluthi yake ni kama 733,000. Ukitoa 250,000 yako inabaki 483,000, mkopo unapita bila shida.

Sasa wewe peke yako. Theluthi ya mshahara wako ni 500,000. Ukiwa mkopaji mwenza unahesabiwa 250,000 pamoja na 299,500, jumla 549,500. Tayari umezidi. Kwa miezi 24 hiyo, ukitaka mkopo wa kitu chako mwenyewe utakataliwa, na rafiki yako hajachelewa hata siku moja. Ukiwa mdhamini, kuna wakopeshaji wasiohesabu kabisa dhamana ambayo haijadaiwa, wengine wanahesabu sehemu, na wengine yote. Uliza kabla, lakini angalau mlango haufungwi moja kwa moja.

Na sasa upande wa kuharibika. Tuseme amelipa miezi 9 vizuri halafu akasimama. Salio hapo ni karibu milioni 4. Akikosa miezi mitatu, malimbikizo ni kama 898,600 bila adhabu. Watu wengi wanadhani ndicho watakachodaiwa. Mikataba karibu yote inamruhusu mkopeshaji kuita deni zima mara moja, kwa hiyo barua itakayokujia haitasema laki 9, itasema milioni 4 na zaidi. Mkopaji mwenza kwa kawaida atakuwa ameshaona dalili kwenye stetimenti. Mdhamini mara nyingi anaisikia habari siku hiyo ya barua. Nimewapigia watu simu wakaniambia "lakini aliniambia alishamaliza". Nilikuwa sina la kuwajibu.

Bi Ushanga

Hilo la barua ni langu kabisa. Tulikuwa wadhamini watatu wa mwenzetu kwenye chama cha akiba na mikopo. Akaacha kulipa, mwezi wa nne nikaenda kutoa akiba yangu nilipie ada ya mtoto, nikaambiwa haitoki, imeshikwa. Baadaye wakakata 900,000 yote kwenye akiba yangu kwa sababu wenzangu wawili akiba zao zilikuwa ndogo. Wenzangu wanasema "wewe ndiye uliyekatwa, mdai aliyekopa". Na aliyekopa hapokei simu. Mpaka leo sijui kama nina haki yoyote. Akiba ilikuwa ya miaka mitano.

Daftari la Kijani

Pole sana dada. Haki unazo, tena mbili. Ya kwanza ni kwa aliyekopa: ulicholipa kwa ajili yake ni deni lake kwako, 900,000 kamili. Ya pili ni kwa wadhamini wenzako. Mlipoahidi deni moja kwa usawa, aliyelipa zaidi ya fungu lake ana haki ya kufidiwa na wenzake. Fungu la kila mmoja ni 300,000, hivyo kila mmoja wao anakudai kukurudishia 300,000, isipokuwa kama fomu ilimwekea mtu kikomo tofauti.

Daftari la Kijani

Nimekosea kuandika hapo juu. Wao ndio wanaodaiwa na wewe, si kinyume chake. Samahani dada.

Kachukue chamani barua inayosema kiasi kilichokatwa, tarehe, na jina la mkopo uliolipiwa, pamoja na kopi ya fomu mliyosaini watatu. Bila karatasi hizo utabaki na maneno. Na uliza kama aliyekopa alikuwa ameweka mali yoyote. Mdhamini akishalipa deni lote, anaingia kwenye nafasi ya mkopeshaji kuhusu mali hiyo. Wengi hawaulizi, mali inarudishwa kimyakimya kwa mkopaji. Usikae muda mrefu, madai yana ukomo wa miaka.

Bi Ushanga

Aliweka kadi ya pikipiki. Sikujua kuwa inanihusu. Jumatatu naenda.

Nuru

Naomba nipingane kidogo na mnavyoenda. Mimi kama ni lazima nisaini kwa ajili ya mtu, kuwa mkopaji mwenza naona ni afadhali, na nilifanya hivyo na shemeji yangu. Mkopaji mwenza ana nguvu ambazo mdhamini hana. Nilipata ujumbe kila rejesho lilipoingia. Mwezi mmoja halikuingia, nikajua siku ya pili, nikamfuata, tukalimaliza kabla adhabu haijaanza. Hawawezi kurefusha mkopo wala kuuongeza bila sahihi yangu. Na fedha zilipotoka hazikwenda mfukoni kwa shemeji, zilikwenda moja kwa moja kwa muuza mashine, risiti ikaandikwa majina mawili. Mdhamini anabeba mzigo uleule kama fomu ya Kisiki inavyosema, lakini kafungwa macho.

Tulizo

Dada Nuru, uliyoyapata yametokana na uaminifu wa shemeji yako, fomu haikuyaleta. Angekuwa mtu mwingine ungejua siku ya pili halafu ukalipa siku ya tatu.

Nuru

Hapana kaka, ningelipa rejesho moja na si deni zima. Ndicho ninachosema. Kulipa rejesho moja mapema ni tofauti na kupokea barua ya milioni 4.

Daftari la Kijani

Nuru ana hoja nzito na siwezi kuipuuza. Kwangu mimi swali ni hili: je, kitu kinachonunuliwa ni chako pia? Kama mnanunua mashine mtakayoimiliki wote au biashara mnayoigawana, kuwa wakopaji wenza ndiyo hali halisi na karatasi iseme hivyo. Kama fedha zote zinakwenda kwake na wewe huna hata msumari kwenye karakana, basi unakuwa na deni bila mali. Na mkilumbana baadaye, atakuja kusema mlikopa wote, kila mtu alipe nusu. Utalazimika kuthibitisha kuwa wewe hukupokea chochote. Mnaweza kuandikiana wawili kwamba mkopo ni wake peke yake, na ni vizuri mfanye hivyo, lakini karatasi hiyo ni kati yenu. Mkopeshaji haimhusu.

Ila dosari anayoisema ya kufungwa macho inaweza kupunguzwa. Mdhamini anaweza kuomba liandikwe kwenye fomu kwamba ataarifiwa kwa maandishi rejesho likichelewa, tuseme, siku 15. Wengine wanakubali, wengine hawakubali. Njia nyepesi ni rafiki mwenyewe akuunganishe namba yako kwenye ujumbe wa marejesho.

Kisiki, kuna jambo afisa wako hakulitaja, sijui kwa nini. Mkopo uleule wa milioni 6, riba ileile, ukiwekwa miezi 36 rejesho linashuka hadi kama 216,900. Hilo liko chini ya ile 233,000 ya rafiki yako. Anakopa peke yake, wewe unabaki mdhamini. Gharama yake ni riba: kwa miezi 24 analipa riba ya kama 1,189,000 kwa jumla, kwa miezi 36 kama 1,809,000. Ni nyongeza ya takriban 620,000, na anayeilipa ni yeye anayepata karakana. Au apunguze mkopo. Kwa miezi 24 kipato chake kinabeba kama milioni 4.6.

Mzee wa Jahazi

Nimeelewa sasa, asante kijana kwa kunisahihisha. Nina swali la mtu mzima. Mkopaji akifariki katikati je? Deni linakwenda naye?

Daftari la Kijani

Haliendi naye, mzee. Kwanza inatazamwa bima ya mkopo kama ilikatwa. Mara nyingi ipo na makato yake yamo kwenye fedha zilizotolewa, lakini inamkinga mtu aliyetajwa jina. Kama ilimtaja mkopaji, bima inalipa salio na mdhamini anapumua. Wakiwa wakopaji wawili, lazima usome kama imewataja wote wawili au mmoja tu, kwa sababu nimeona aliyekatiwa bima ni yule aliyekuwa mbele kwenye fomu, na aliyefariki ni wa pili. Isipokuwepo bima, deni linadaiwa kwenye mirathi, na mdhamini bado yumo. Mkopaji mwenza aliyebaki anaendelea kulipa kama kawaida, mkopo wake haujaguswa na msiba.

Mzee wa Jahazi

Basi Kisiki, hilo uliulize kabla ya Ijumaa. Usione haya.

Tulizo

Nimekubali nilichokosea hapo mwanzo, fomu ya Kisiki imenifundisha. Lakini kuna moja nina uhakika nalo. Mkopeshaji akibadilisha masharti na mkopaji bila kumwambia mdhamini, mathalani akaongeza riba au akamkopesha tena juu yake, mdhamini anaachiliwa. Nililisoma kwenye somo la sheria ya mikataba.

Daftari la Kijani

Kwenye sheria za nchi nyingi kanuni hiyo ipo. Shida ni kwamba fomu nyingi zina kipengele ambacho mdhamini anakubali mabadiliko yote mapema, na ile sentensi ya pili ya Kisiki, "au atakazodaiwa baadaye", inafanya kazi karibu na hiyo. Ina maana rafiki akirudi mwakani kuongeza milioni 3, dhamana yako inazifuata bila wewe kuitwa. Hiyo ndiyo sentensi ningeipigania kuliko zote kwenye fomu yako. Omba ifutwe, badala yake iandikwe namba ya mkopo huu, kiasi chake, na kikomo cha juu unachowajibika.

Tulizo

Lakini kukubali mapema mabadiliko usiyoyajua kunawezaje kuwa halali?

Daftari la Kijani

Nimeona mashauri yakienda pande zote mbili, kutegemea maneno yenyewe na ukubwa wa mabadiliko. Sitakuambia kwamba mdhamini anashinda. Kama Kisiki anaweza kukwepa kufika huko, akwepe.

Kisiki

Nimerudi. Leo mchana tulikwenda na rafiki yangu, nikamweleza kila kitu njiani kabla hatujaingia. Nilikuwa nahofu ataona simwamini. Alinyamaza kidogo, akasema hakujua kuwa mkopo wangu mwingine ungekataliwa kwa sababu yake, na kwamba yeye ndiye atakayesema habari ya miezi 36. Akasema yeye kweli.

Afisa alipiga hesabu upya kwenye mashine yake, ikaja 216,900 na ushee, mkopo ukapita kwa jina lake peke yake. Fomu ya mkopaji mwenza ameirudisha kwenye droo.

Kwenye fomu ya mdhamini, kipengele cha mdaiwa mkuu wamekataa kukigusa, wanasema ndivyo makao makuu yalivyochapa. Ile ya "atakazodaiwa baadaye" meneja aliitwa, akaisoma mara mbili, akaipiga mstari kwa kalamu, akaandika pembeni namba ya mkopo na "kikomo milioni 6 na riba yake", akaweka sahihi na muhuri. Nami nikaweka yangu pembeni ya yake. Kwenye ujumbe wa marejesho wameingiza namba yangu. Bima inamtaja yeye.

Kimebaki kipengele cha 11 kinachosema mdhamini anakubali "kuongezwa kwa muda wa mkopo pasipo taarifa". Meneja anasema hilo akilifuta atagombezwa. Sijasaini bado, nimeomba hadi kesho.

Nuru

Muda ukiongezwa rejesho linapungua, labda hata linakusaidia. Mimi ningesaini.

Bi Ushanga

Mimi nisingesaini. "Pasipo taarifa" ndilo neno lililonimaliza.

Daftari la Kijani

Omba neno moja tu lifutwe, "pasipo", na liandikwe "kwa" juu yake. Kipengele kinabaki, meneja hajafuta kitu cha makao makuu, ila watakuwa wanalazimika kukuarifu. Nilishaona ikikubaliwa mara mbili tatu. Na ukitoka hapo usiondoke bila kopi ya ukurasa wenye ule mstari wa kalamu na muhuri, maana wa kwao ukipotea, wa kwako ndio utakaosomwa.

Kisiki

Nimeelewa ndugu. Kesho saa 3 asubuhi niko pale, naenda na kalamu yangu.